Dhamana na Sifa ya Mkopaji: Shamba la Kijijini Mbele ya Mkopeshaji

Mkulima wa Ngara au Biharamulo aendapo kuomba mkopo kwa mara ya kwanza, swali linalomshangaza ni lile la dhamana. Yeye amekuja kwa sababu hana fedha, na mkopeshaji anamuuliza ana nini. Wengi huona swali hilo kama dharau, au kama njama ya kumnyang'anya mnyonge ardhi yake. Somo hili linaeleza swali hilo linatoka wapi, dhamana hupimwaje hasa inapokuwa shamba la kijijini, na kwa nini mtu mwenye shamba zuri anaweza kukataliwa huku jirani yake asiye na hati akikubaliwa.

Mkopeshaji ana maswali mawili, na ni vyema kuyatenganisha tangu mwanzo. La kwanza: je, mtu huyu atalipa? La pili: asipolipa, nitafanya nini? Jibu la swali la kwanza ndilo linaloitwa sifa ya mkopaji, yaani uwezo wake wa kulipa pamoja na mwenendo wake katika madeni yaliyopita. Jibu la swali la pili ndilo dhamana. Dhamana haijibu swali la kwanza. Mkopeshaji anayekopesha kwa kutazama dhamana peke yake, bila kujali kama mkopaji ana kipato cha kulipia, hajafanya kazi yake, na mara nyingi ni mtu wa kuogopwa.

Kwa nini basi dhamana iombwe hata kwa mtu mwaminifu? Sababu ya kwanza ni kwamba fedha za benki au za SACCOS si mali ya afisa mikopo aliyeketi mezani. Ni amana za watu wengine: mwalimu aliyeweka mshahara wake, mfanyabiashara wa Benaco aliyeweka mauzo ya wiki. Mkopo mmoja usiporejeshwa, amana hizo bado zinadaiwa na wenyewe. Sababu ya pili ni kwamba mkopeshaji hakujui. Jirani yako anajua kama unaamka mapema, kama una madeni dukani, kama ulishawahi kukana deni. Afisa mikopo aliyehamishiwa wilayani mwezi uliopita hajui lolote kati ya hayo. Anapokutaka uweke rehani kitu unachokithamini, kwa sehemu anakuuliza kama wewe mwenyewe, unayejijua kuliko yeye anavyokujua, una imani kwamba utalipa. Mtu ajuaye moyoni kwamba hatalipa husita kuweka shamba lake.

Shamba lenye hati, na uzito wake halisi

Katika wilaya hizi mbili, mali kubwa ya familia nyingi ni ardhi: shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na pengine eneo la mahindi na maharage mbali kidogo. Ardhi hiyo kwa kawaida ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inatambua haki ya mwanakijiji hata kama hana karatasi yoyote, na inampa njia ya kupata karatasi hiyo, yaani Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hati hutolewa na halmashauri ya kijiji baada ya mipaka kuhakikiwa mbele ya majirani; husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji pamoja na mmiliki, na kusajiliwa katika ofisi ya ardhi ya wilaya, huku kumbukumbu nyingine ikibaki katika masjala ya ardhi ya kijiji. Kisheria haki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa mjini.

Tangu mwaka 2004, serikali kupitia mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, MKURABITA, imekuwa ikihimiza utoaji wa hati hizi, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba zitatumika kukopea. Ahadi hiyo ina ukweli, lakini imeeleweka vibaya. Wengi wamerudi nyumbani na hati mkononi wakiamini kwamba karatasi hiyo ni sawa na fedha, kisha wakaambiwa dirishani kwamba haipokelewi, au inapokelewa kwa kiasi kidogo kuliko walivyotarajia. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, nasi tutakaa hapo kwa muda.

Thamani ya kitu kwa mwenyewe na thamani yake kama dhamana ni mambo mawili. Wewe unathamini shamba kwa kile linachokupa: chakula cha kila siku, kahawa ya kila mwaka, mahali pa kulala na mahali walipozikwa wazazi wako. Mkopeshaji hatalima shamba hilo. Kwake shamba lina thamani kwa njia moja tu, nayo ni kuuzwa. Kwa hiyo anajiuliza: litanunuliwa na nani, kwa bei gani, baada ya muda gani, na kwa gharama kiasi gani?

Jibu la swali la nani katika ardhi ya kijiji ni jembamba. Haki ya kimila haihamishwi kwa mtu yeyote kama gunia la mahindi. Halmashauri ya kijiji lazima ihusishwe na kuridhia, na sheria haikusudii ardhi ya kijiji iangukie mikononi mwa watu wasio na nia ya kuishi au kufanya kazi kijijini hapo. Kanuni hiyo ni ngao ya wanakijiji, na ni ngao nzuri. Lakini ngao hiyo hiyo hupunguza idadi ya wanunuzi, na wanunuzi wakipungua bei hushuka. Wanaobaki ni majirani. Na jirani gani atanunua kwa mnada shamba lenye makaburi ya wazee wa mwenzake, kisha apite hapo kila asubuhi? Wako watakaofanya hivyo, lakini si wengi, na mkopeshaji analijua hilo.

Kwa sababu hiyo mthamini anapokagua mali huandika bei mbili. Ya kwanza ni bei ya soko, ambayo mnunuzi na muuzaji wasio na haraka wangekubaliana. Ya pili ni bei ya kuuza kwa lazima, yaani itakayopatikana mnadani ndani ya muda mfupi, mwenye mali akiwa hataki kuuza. Mkopeshaji huhesabu kwa bei hii ya pili, na hata hiyo haikopeshi yote, kwa kuwa dalali, matangazo, nauli na mashauri hulipwa kutoka humo humo.

Mfano wenye hesabu

Tuchukue familia ya mfano katika kijiji kimoja cha Ngara. Mume na mke wana ekari tatu zenye migomba na kahawa, nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa bati, na hati ya kimila yenye majina yao wote wawili. Wanataka shilingi 5,000,000 wanunue mashine ya kusaga nafaka. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake.

Wao wanaamini shamba na nyumba vina thamani ya shilingi 12,000,000, na huenda ni kweli. Mthamini anakubali bei hiyo kuwa ya soko, lakini anaandika shilingi 6,500,000 kuwa bei ya kuuza kwa lazima. Mkopeshaji anatoa gharama za mnada, anaacha nafasi ya riba itakayorundikana wakati wa mvutano, na kuona kwamba dhamana hiyo inabeba mkopo usiozidi shilingi 3,000,000. Hadi hapa mume na mke wanasikitika: mali ya milioni kumi na mbili imegeuka kuwa mkopo wa milioni tatu.

Lakini swali la kwanza bado halijajibiwa. Afisa mikopo anawataka waeleze mapato na matumizi ya mwaka mzima. Kahawa huingiza fedha baada ya mavuno, kwa miezi michache ya katikati ya mwaka. Maharage huingiza mara mbili, kila baada ya msimu wa mvua. Ndizi huingiza kidogo kidogo kila wiki. Wakitoa chakula, ada na sare za watoto, matibabu, vibarua na michango ya misiba, wanabakiwa na shilingi 2,400,000 kwa mwaka.

Sasa tupige hesabu ya milioni tatu. Tuchukulie riba ya asilimia 3 kwa mwezi, inayokokotolewa juu ya mkopo wote kwa miezi 12. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 90,000. Ya mwaka ni shilingi 1,080,000. Jumla ya kurejesha ni shilingi 4,080,000, yaani shilingi 340,000 kila mwezi. Familia inayobakiwa na 2,400,000 kwa mwaka haiwezi kulipa 4,080,000, hata kama dhamana yake ni ya dhahabu. Watasema mashine itaingiza fedha. Pengine. Lakini mashine haijanunuliwa, haijafungwa, na haijulikani kama kuna nyingine itakayofunguliwa njia panda mwezi ujao. Mkopeshaji makini huhesabu kipato kilichopo, na kile kijacho hukipa uzito mdogo.

Mkopo wa shilingi 1,500,000 kwa masharti hayo hayo una riba ya shilingi 540,000, na marejesho yote ni shilingi 2,040,000. Hapo familia inabakiwa na shilingi 360,000 za tahadhari, nayo si nyingi, lakini ipo. Hata hivyo kuna kasoro moja iliyofichika. Marejesho ni shilingi 170,000 kila mwezi, na kuna miezi ambayo ndizi peke yake haziwezi kutoa kiasi hicho. Familia hii haina upungufu wa fedha kwa mwaka. Ina upungufu wa fedha mwezi wa Machi. Jambo la kuombwa kwa mkopeshaji, kwa maandishi na kabla ya kusaini, ni ratiba inayofuata mavuno: riba ilipwe katika miezi ya ukame wa fedha, na sehemu kubwa ya mkopo ilipwe baada ya kahawa. Akikataa, ni afadhali kukopa kidogo zaidi kuliko kuanza kuchelewesha rejesho la tatu.

Ona basi kilichoamua kiasi cha mkopo. Si hati. Hati ilibeba milioni tatu. Kipato kilibeba milioni moja na nusu. Mkopo salama ni ule mdogo kati ya viwili hivyo. Mkopeshaji anayewapa milioni tatu kwa sababu tu shamba linatosha, ama hajapiga hesabu, ama amekwisha kupiga na anachokitamani ni shamba.

Wanaokopesha bila hati

Sasa tutazame upande wa pili, wa jirani asiye na hati aliyekubaliwa. Biharamulo, katika maeneo yanayolima tumbaku, mkulima hupata mbolea na mahitaji mengine kwa mkopo kupitia chama cha ushirika cha mazao, AMCOS, bila kuweka shamba rehani. Mkopeshaji hakuwa mwema zaidi. Amejilinda kwa njia nyingine: tumbaku ina mnunuzi anayejulikana aliyeingia mkataba na chama, malipo hupitia chama, na deni hukatwa kabla fedha hazijamfikia mkulima. Njia ya fedha ndiyo dhamana. Udhaifu wake ni kwamba mkulima mmoja akitorosha tumbaku yake na kuiuza pembeni, deni lake huwaelemea wanachama wenzake, ambao mara nyingi wamedhaminiana. Kabla ya kujiunga, muulize katibu wa chama madeni ya msimu uliopita yalilipwa na nani.

Vikundi vya kuweka na kukopa hufanya kazi kwa kanuni inayofanana. Dhamana ni hisa zako na macho ya wenzako. Wanakujua, kwa hiyo hawahitaji kuuliza kama mgeni anavyouliza. Katika SACCOS, kiasi unachoweza kukopa hufungamanishwa na akiba uliyoweka, na wanachama wengine husaini kuwa wadhamini.

Neno moja kuhusu kudhamini, kwa kuwa watu wengi wa huku husaini kwa heshima tu, kwa sababu mwombaji ni shemeji au mtu wa jumuiya. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mkopeshaji halazimiki kumaliza kumfuata mkopaji kwanza ndipo akufuate wewe. Ukisaini udhamini wa shilingi 2,000,000, jihesabu kuwa umekopa shilingi 2,000,000 ambazo hukuzipokea.

Upo pia mkopo ambao wahusika hawauiti mkopo. Mkoani Kagera hujulikana kwa jina la butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua, kwa mtu anayempa fedha papo hapo. Serikali imekuwa ikiipiga marufuku biashara hii kwa miaka mingi, nayo haijakoma, kwa sababu mnunuzi wa butura hana fomu, hana mthamini, na huja jioni ile ile mtoto anapougua. Hesabu yake ni hii. Tuseme mwezi wa Februari mkulima anapewa shilingi 300,000 kwa kilo 300 zitakazovunwa, na mwezi wa Agosti kahawa hiyo inauzwa shilingi 3,000 kwa kilo. Ametoa mali ya shilingi 900,000 kwa mkopo wa shilingi 300,000 wa miezi sita. Riba yake ni shilingi 600,000, ingawa neno riba halikutamkwa.

Tofauti ya butura na rehani si riba peke yake. Katika rehani, mali ikiuzwa kwa zaidi ya deni, kinachobaki ni chako. Katika butura hakuna kinachobaki, hata bei ipande namna gani. Dhamana ya haki ina mpaka: mkopeshaji anachukua anachodai, hazidishi.

Wanaoitwa kausha damu wako karibu zaidi na butura kuliko na benki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni au usajili. Wakopeshaji wasiopokea amana, wawe kampuni au mtu binafsi, hupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hujamwonyesha hati yako. Mtu anayetaka kubaki na kadi yako ya benki na namba yake ya siri haombi dhamana. Anaomba mkono wake uwe ndani ya mfuko wako.

Kabla ya kusaini, na deni linapoyumba

Karatasi ya kuchunguzwa kwa makini kuliko zote ni ile inayoitwa dhamana. Inapaswa kuwa mkataba wa mkopo pamoja na hati ya rehani. Isiwe mkataba wa mauziano. Baadhi ya wakopeshaji wa mitaani humwandikisha mkopaji kwamba amewauzia shamba, wakimwambia ni utaratibu tu na kwamba karatasi itachanwa akimaliza kulipa. Siku ya mgogoro, karatasi hiyo husema kuwa shamba liliuzwa, na mashahidi waliosaini ni wa kweli. Kama maneno "nimemuuzia" yamo popote, usisaini, hata ukiambiwa fedha zimekwisha kuhesabiwa.

Mwenzi wa ndoa ni sehemu ya mkataba. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila ridhaa ya mume au mke, na mkopeshaji ana wajibu wa kuhakikisha kama mwombaji ana mwenzi. Ridhaa hiyo si ya kupamba faili. Wapo waliokwenda na mtu mwingine na kumtambulisha kuwa ndiye mke, au walioapa kwamba hawajaoa. Mkopo wa namna hiyo hugeuka kuwa shauri ambalo humtesa kila mmoja: mke anapigania nyumba, mkopeshaji anapigania fedha, na mume anakabiliwa na kosa la kusema uongo chini ya kiapo. Mwenye wake zaidi ya mmoja afahamu kwamba mke anayeishi katika nyumba hiyo hawezi kurukwa. Na shamba la ukoo ambalo halijagawanywa baada ya mzazi kufariki si dhamana yako, hata kama wewe ndiye unayelilima. Anza na mirathi.

Deni likiyumba, mkopeshaji hana ruhusa ya kuja na vijana na kufuli. Kwa rehani ya ardhi, Sheria ya Ardhi inamtaka kwanza akupe notisi ya maandishi inayoeleza kasoro yenyewe, kiasi unachodaiwa, na kwamba una siku 60 za kurekebisha kabla hajaanza kutumia haki ya kuuza. Siku hizo 60 ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika maisha ya mkopo, na ndizo ambazo wakopaji wengi huzitumia kujificha. Nenda ofisini ukiwa na chochote ulichonacho na mpango wa kilichobaki. Omba ratiba mpya iandikwe. Mara nyingi mkopeshaji hataki shamba lako. Tumekwisha kuona jinsi lilivyo gumu kuuzika.

Ikifika mnadani, tangazo la hadhara hutolewa si chini ya siku 14 kabla, na muuzaji anawajibika kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiwa mali imeuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Ndiyo maana nakala ya ripoti ya mthamini ni ya kuomba na kuitunza tangu siku ya kwanza. Malalamiko ya mnada hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ni vigumu kuyasikiliza vyema baada ya mnunuzi kukabidhiwa, yapelekwe mapema. Malalamiko dhidi ya benki au mkopeshaji mwenye leseni, mathalani kuhusu makato yasiyoelezwa, huanzia kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi, na yasipotatuliwa huenda Benki Kuu.

Mwenendo wako katika haya yote huandikwa. Benki hupeleka taarifa za mikopo katika kanzidata inayosimamiwa na Benki Kuu, na taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni huzitumia kuandaa ripoti ya kila mkopaji. Ripoti hiyo ndiyo sifa yako kwa watu wasiokujua. Aliyechelewa mara mbili akalipa huonekana hivyo, na aliyetoroka huonekana hivyo. Una haki ya kuiona na kupinga kilichokosewa, hasa pale deni ulilokwisha kulipa linapoendelea kuonekana hai.

Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kwa sababu ya uzembe wa siku ya furaha. Mkopaji analipa rejesho la mwisho, anapeana mikono na afisa mikopo na kurudi nyumbani, hati yake ikiwa bado ndani ya kabati la ofisi. Siku hiyo hiyo omba vitu vitatu: barua inayosema kwamba mkopo umelipwa wote, hati yako halisi, na nyaraka ya kufuta rehani. Ipeleke ofisi ya ardhi iliyosajili hati, na kwa hati ya kimila hakikisha pia masjala ya kijiji, ili maandishi ya rehani yaondolewe. Usipofanya hivyo, mwanao atakayekwenda kurithi shamba miaka ishirini baadaye ataambiwa lina deni, na mtu pekee aliyejua kwamba deni lililipwa atakuwa hayupo kulisemea.